Netflix inakuletea SD na neti iko fiti: maswali yanayorudiwa kuhusu Widevine L1 na L3

Hapa tunaongelea zaidi simu na maboksi ya TV ya Android, na Netflix ndo mfano mkuu maana ndo inayolalamikiwa zaidi. Prime Video nayo kwenye hili haina tofauti kubwa.

## Ya mwanzo kabisa

Neti yangu iko poa, YouTube inacheza 1080p bila kukwama, mbona Netflix ina ukungu?

Kwa sababu kwenye Netflix ubora wa picha hauamuliwi na neti peke yake. Kabla apu haijaanza kuvuta picha inaiuliza kwanza simu ina kiwango gani cha ulinzi wa kuzuia kunakili, na jibu likiwa la kiwango cha chini basi seva inakupangia SD, yaani picha ya ubora wa chini, na hapo ndo mwisho, hata uwe na faiba ya Mbps 100 imeingia mpaka chumbani.

YouTube usiitumie kama kipimo. Video za kawaida za kule hazijafungwa na ulinzi huu, kwa hiyo simu yoyote inayoweza kuzicheza inazicheza kwa ubora wote. Kwa upande wa neti Netflix wenyewe wanashauri Mbps 3 kwa 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Ingia fast.com (ni ya Netflix wenyewe, kwa hiyo inapima njia ya kwenda kwao hasa), ukiona 10 au 20 na picha bado ni mbovu muda wote, acha kumpigia kelele mtu wa waifai, hana kosa.

Widevine ni nini, na nani kaniwekea kwenye simu?

Ni mfumo wa kufunga na kufungua filamu. Ilikuwa kampuni ya Seattle, Google wakainunua 2010, na sasa inakuja ndani ya Android yenyewe kwa hiyo hujai-install na huwezi kuifuta. Filamu inafika kwenye simu ikiwa imefungwa, Widevine inaomba ufunguo kutoka kwenye seva ya leseni, inafungua kipande kwa kipande huku wewe unaangalia.

Wenye filamu ndo wanaobana. Mikataba yao na watu wa kustrimu inataka picha safi iende kwenye vifaa ambavyo ni vigumu kuibiwa tu, vingine vipewe picha ambayo hata ikiibiwa haiumi sana. Ndo hiyo SD yako.

L1, L2, L3, ipi ni nzuri?

L1 ndo ya juu, namba inasomwa kinyume na watu wengi wanavyodhani. Kuna watu wanaona L3 wanafurahi kabisa.

Prosesa nyingi za simu zina kama chumba cha ndani chenye mlango wake, ambamo hata Android yenyewe haiingii. Kwenye L1 filamu inafunguliwa mle mle, inachakatwa mle mle, na picha inatoka moja kwa moja kwenda kwenye skrini kupitia memori iliyolindwa, kwa hiyo hakuna apu wala mtu mwenye ruti, yaani aliyejipa mamlaka yote ndani ya simu, anayeweza kuichungulia njiani. L2 inafungua mle ndani ila uchakataji wa picha unafanyika nje, na hii kwenye simu hutakutana nayo mara nyingi. L3 kila kitu kiko nje, ni programu tupu, na programu tupu mtu mwenye utaalamu anaweza kuivua nguo. Januari 2019 mtafiti anaitwa David Buchanan alitangaza kuwa kavunja L3 kwa kazi ya jioni chache tu, sasa hapo unaelewa kwa nini wenye filamu hawaiamini.

Hiyo SD ni kiasi gani, na nitaijuaje kwa macho?

Ni kama mistari 480 ya picha, wakati HD inaanzia 720 na HD kamili ni 1080. Kwenye skrini ya simu ndogo unaweza usishtuke, ila angalia sehemu za giza na nywele za watu, zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Dalili nzuri ambayo watu hawaiangalii ni maandishi ya tafsiri pale chini. Yale yanachorwa na apu juu ya picha, hayamo ndani ya video, kwa hiyo ukiona maandishi yamekaa makali kama wembe huku sura ya mtu anayeongea ina ukungu, skrini yako ni nzima na picha inayoletwa ndo ndogo.

## Kupima kabla ya kulaumu

Naangalia wapi kama simu ni L1 au L3?

Ndani ya Netflix yenyewe. Nenda My Netflix, bonyeza vile vimistari vitatu juu, ingia App Settings, shuka chini mpaka Playback Specification. Pale utaona mstari wa Widevine na umeandikwa L1 au L3, na mstari mwingine Max Playback Resolution, ikiwa SD basi ushapata jibu. Soma mistari yote miwili, usiishie kwa wa kwanza, sababu iko kwenye swali la "L1 lakini bado SD" huko chini.

Kama huna akaunti ya Netflix, shusha apu inaitwa DRM Info kutoka Play Store, fungua, tafuta Security Level. Hii ni nzuri ukiwa dukani unanunua simu, haichukui hata dakika.

Nitatofautishaje kati ya neti mbovu, kifurushi kidogo na L3?

Neti mbovu inabadilika badilika: filamu inaanza na ukungu halafu inasafika, au inakuwa safi saa tano asubuhi na mbovu saa mbili usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni. L3 haina mood, ni ukungu ule ule kuanzia sekunde ya kwanza mpaka majina yanapita mwisho.

Kifurushi ndo kinachowachanganya wengi, hasa Kenya ambako Netflix wanauza cha Mobile. Hicho ni 480p kwa mkataba, hata simu iwe ya bei gani. Cha Basic ni 720p, Standard ni 1080p, Premium ndo 4K. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu simu, ingia kwenye akaunti uangalie unalipia nini. Njia ya haraka zaidi ni kuingiza akaunti hiyo hiyo kwenye simu nyingine, waifai hiyo hiyo, filamu hiyo hiyo. Ile nyingine ikitoka safi, akaunti na neti vyote umeshavitoa kwenye kesi kwa mpigo mmoja.

Simu used niliyonunua ilikuwa HD kwa mwenyewe wa zamani, kwangu imekuwa SD. Imekuwaje?

Hili linaulizwa sana na mara nyingi jibu liko kwenye kilichofanyika katikati, kabla simu haijafika kwako. Nieleze moja niliyoishika mwenyewe. Jamaa alinunua simu used ya chipu nzuri tu ya Snapdragon, duka la mitaa ya Kariakoo, ikawa Netflix ni ukungu. Fast.com inasoma Mbps 38, kifurushi ni Standard, na simu ya mke wake pale pale kwenye kochi inaonyesha safi. Playback Specification ya kwake inasema L3, Max Playback Resolution SD.

Nikamwambia izime uiwashe. Kabla ya nembo kukaa sawa likatokea onyo la maandishi kwamba butiloda, ile programu inayoamua simu iwake na mfumo gani, imefunguliwa, onyo lile ambalo watu huwa wanalipita wakidhani ni matangazo. Kuangalia namba ya toleo kwenye About phone, romu iliyomo, yaani mfumo wa Android uliochomwa ndani, sio ya soko ambalo simu ilitengenezewa: simu ilikuwa ya China, mtu kaifungua butiloda akaichoma romu ya kimataifa ili ipate Play Store na lugha, akaiuza.

Tukarudisha romu rasmi ya modeli ile ile na soko lile lile, ndo tukafunga butiloda. Mpangilio huo ni muhimu, maana ukifunga butiloda huku romu ya soko lingine iko ndani, simu nyingi zinakufa hapo hapo haziwaki tena. Onyo likapotea, simu ikawa safi, DRM Info tukaifungua kwa matumaini kabisa na ikasema L3. Aliyechoma mwanzo alifuta na sehemu ya memori inayobeba funguo za kiwandani, zile zinazoithibitisha simu kuwa L1, na romu rasmi haina nakala ya funguo hizo, kwa sababu kila simu inakuwa na zake. Zingekuwa bado zipo, kurudisha romu na kufunga butiloda mara nyingi kunatosha kuirudisha L1. Jamaa kabaki nayo hivyo hivyo, filamu anaangalia kwa simu ya mke.

## Sababu zinazojirudia

Simu mpya kabisa, tena ya bei, inaweza kuja na L3?

Ndio, na imetokea kwa majina makubwa. OnePlus 5 na 5T za 2017 zilitoka kiwandani na L3. Kampuni ilipoamua kurekebisha, apdeti ya kawaida haikutosha maana ilibidi simu ichomekwe kwenye kompyuta kwa njia salama, wateja wakaambiwa waziposti simu zao zikawekewe. Pocophone F1 ya 2018 nayo ilianza na L3, ila yenyewe ilipata L1 kwa apdeti ya 2019. Prosesa ya F1 ilikuwa Snapdragon 845, kitu cha hali ya juu kwa wakati ule, kwa hiyo usidhani chipu kali inakuhakikishia chochote. Kinachohitajika ni mtengenezaji aombe hizo funguo na aziweke moja moja kwenye kila simu pale kiwandani, sasa kampuni inayobana gharama inaweza kuruka hiyo hatua na kwenye boksi haitaandikwa popote.

Kuruti simu au kufungua butiloda kunashusha L1?

Inategemea kampuni. Zipo simu zinazobaki na L1 hata baada ya butiloda kufunguliwa, na zipo zinazofuta funguo hapo hapo kwa makusudi. Sony Xperia za zamani zilikuwa maarufu kwa hilo, ukifungua tu funguo zimekwenda, ndo maana watu walikuwa wanahangaika kuhifadhi nakala ya ile sehemu ya memori kabla hawajagusa chochote.

Romu za watu wa mtandaoni nazo zinaweza kuharibu hata kama funguo zipo, kwa sababu kile chumba cha ndani kinakataa kufanya kazi na mfumo kisioujua. Halafu kuna tatizo la pembeni, simu isiyopita ukaguzi wa Google unaweza usiione Netflix kabisa ukiitafuta Play Store. Ukiona imepotea ghafla, anza kuangalia pale kwenye About ya Play Store kama imeandikwa Play Protect certified.

Boksi langu la TV limeandikwa 4K kubwaa, Netflix inaonyesha picha mbovu kuliko simu. Nimepigwa?

Kwa upande wa Netflix, ndio. Maandishi ya 4K kwenye boksi yanamaanisha chipu inaweza kucheza faili la 4K na kulitoa kwenye HDMI. Faili la kwenye flashi litacheza vizuri tu. Ila maboksi mengi ya bei rahisi ndani yana Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV, ulinzi ni L3, na hayajapita kwenye ukaguzi wa Netflix ambao ni kitu tofauti na wa Google. Kwa hiyo ile Netflix iliyomo ni ya simu, inakaa kwenye 480p, na 480p ukiitandaza kwenye TV ya inchi 50 kila mtu sebuleni anaona.

Namna ya kulijua mapema: ukifungua Netflix na inakutaka utumie kipanya au ile rimoti ya kuelea badala ya vishale vya kawaida, hiyo ni apu ya simu. Kitufe cha Netflix kwenye rimoti usikiamini, kuchapa nembo kwenye plastiki hakuna anayezuia. Muulize muuzaji kama ni Android TV au Google TV halisi, mwambie aliwashe, fungua DRM Info mbele yake. Akikwambia "L3 na L1 ni sawa tu bosi", rudisha hela mfukoni.

## Kujaribu kurekebisha

Kuna apu, VPN au Netflix ya kuchakachua inayogeuza L3 kuwa L1?

Hakuna. VPN inabadilisha unaonekana uko nchi gani, haigusi chumba cha ndani cha prosesa. Apu inayojiita ya kupandisha L1 inakuonyesha matangazo tu au inakuibia. Kwenye magrupu ya watu wa ruti utasikia kuna moduli za Widevine zinazofanya kazi, na kweli zipo, ila nyingi zinafanya kinyume: L1 ikishaharibika mpaka filamu haichezi kabisa, moduli inaizima ili simu ishuke L3 na filamu icheze, kwa SD.

Kufuta data za apu, kuapdeti au kurisiti kunasaidia?

Kunasaidia pale tu simu ilikuwa L1 na imeshuka ghafla bila mtu kuichoma chochote. Anza na tarehe na saa viwe sahihi, zima simu uwashe, halafu futa data za Netflix na uingie upya. Kama ilishuka mara tu baada ya apdeti ya mfumo, ni kosa la apdeti na kwa kawaida linarekebishwa kwenye inayofuata, kwa hiyo waandikie kampuni ya simu na usubiri. Kurisiti simu nzima nisingeanza nako, unapoteza picha zako halafu mara nyingi inarudi na L3 ile ile.

Fundi kasema anaweka L1 kwa hela kidogo, nimpe?

Muulize funguo anazitoa wapi. Kituo rasmi cha kampuni husika kinaweza kuwa na vifaa vya kuweka funguo halali, na wakati mwingine wanabadilisha bodi nzima. Fundi wa mtaani akiwa nazo, ni funguo za kifaa kingine zilizovuja, na funguo moja ikionekana kwenye vifaa vingi zinafungiwa. Utafurahi wiki mbili halafu unarudi ulikotoka, au filamu zinakataa kabisa. Mimi nisingempa.

Simu inasema Widevine L1 lakini Max Playback Resolution ni SD. Hii nayo vipi?

Ndo maana nilisema usome mistari yote miwili. Netflix wana orodha yao ya vifaa na chipu walizozipima, na L1 peke yake haikuingizi kwenye orodha. Ile Pocophone F1 ilipopata L1, watu walikuta Prime Video inafunguka HD huku Netflix bado imegoma. Hapa huna cha kufanya kwenye simu, unaapdeti Netflix na kusubiri modeli yako iongezwe. Simu mpya sana iliyotoka juzi ikiwa na hali hii ipe muda, ila ya jina lisilojulikana iliyotoka miaka mitatu nyuma usiisubiri.

## Hali za pembeni

Simu ni L3, nikikasti kwenye TV picha itakuwa SD pia?

Ukikasti kweli, yaani TV au Chromecast inavuta filamu yenyewe kutoka mtandaoni na simu inabaki kuwa rimoti, ulinzi unaoangaliwa ni wa kile kifaa cha TV, kwa hiyo unaweza kupata HD safi kutoka simu ya L3. Inategemea tu kama apu inaruhusu kukasti kwenye kifaa hicho. Kuakisi skrini nzima ni kitu kingine, pale picha inapitia kwenye simu kwanza, unapata SD ile ile au skrini nyeusi.

Kwenye laptop je?

Huko mambo yanategemea brauza. Edge kwenye Windows inatumia mfumo wa Microsoft unaoitwa PlayReady, Safari ya Mac inatumia FairPlay ya Apple, Chrome na Firefox zinatumia Widevine ya programu. Kwa hiyo laptop moja, neti moja, brauza mbili zinaweza kutoa picha mbili tofauti. Ukitaka kuona namba, filamu ikiwa inacheza bonyeza Ctrl+Alt+Shift+D, yatatokea maandishi juu ya picha yenye rezolusheni inayochezwa muda huo.

Angalia na waya. HDMI ina ulinzi wake unaitwa HDCP, na kile kiadapta cha HDMI kwenda VGA ambacho wengi tunacho kwa ajili ya monita za zamani hakiwezi kuubeba, hivyo apu inashusha ubora au inakataa kabisa. 4K inataka HDCP 2.2 kuanzia kifaa mpaka TV, kikiwemo chochote ulichochomeka katikati.

iPhone ina L3?

Hapana, iPhone haitumii Widevine kwenye apu ya Netflix, inatumia FairPlay na Apple ndo anayetengeneza simu na mfumo. iPhone ikiwa na ukungu rudi kwenye kifurushi na neti.

Nikidownload badala ya kustrimu itatoka HD?

Hapana. Faili linaloshuka linafuata kiwango kile kile, hata ukichagua ubora wa juu kwenye setingi. Faida pekee ni bando: Netflix wanakadiria SD inakula kama GB 1 kwa saa na HD kama GB 3, kwa hiyo mtu wa L3 anatumia theluthi tu, apende asipende.

Sasa kama vifaa vyangu vyote ni L3, nalipia Premium ya nini?

Kwa ajili ya picha, bure. Kikubwa unachopata ni idadi ya skrini: Premium inaruhusu watu wanne kuangalia kwa wakati mmoja, Standard wawili. Kama nyumbani mko wawili na hakuna TV yenye L1, shuka kifurushi, picha itabaki vile vile na hakuna atakayegundua. Ila angalia kwanza Playback Specification ya kila kifaa, TV ya sebuleni unaweza kukuta ndo yenye L1 peke yake nyumba nzima.